SOMO: Picha ya Simu Inafikaje Kwenye Tableti?
Jinsi ya kumweleza mzazi habari ya akaunti moja

Ndugu na dada wa vikundi, siku hizi si ajabu kumkuta mama au baba mzee ana simu ya kugusa mkononi na tableti nyumbani. Mara nyingi tableti ameletewa na mtoto aliye kazini mjini, kwa sababu macho ya mzazi yamepungua nguvu na kioo cha simu ni kidogo. Siku za kwanza zote ni furaha. Halafu maswali yanaanza: "Mbona picha niliyopiga na simu iko pia huku? Nani ameileta?" Au kinyume chake: "Mbona picha ya jana haijaja?"

Wengi wetu tunajibu kwa haraka, "Mama, zimeungana tu." Jibu hilo halimsaidii. Mzazi asiyejua picha inakaa wapi hawezi kujua kwa nini haikufika. Na jambo kubwa zaidi, anaweza kufuta picha akidhani anafuta moja kati ya mbili, kumbe anafuta ile ile moja. Katika somo hili tutajifunza kumweleza mzazi njia ya picha kutoka simu hadi tableti, kumwekea njia hiyo, na kutafuta mahali ilipokatika. Tutatumia programu ya Google Photos, kwa kuwa iko tayari katika simu na tableti nyingi za aina ya Android.

Tuchukue mfano wa mama wa miaka 71 huko Taita, ambaye kwa miaka mingi amekuwa mweka hazina wa kikundi cha akina mama. Kila mkutano ukiisha, anapiga picha ukurasa wa daftari la michango na risiti za siku hiyo. Ndani ya simu yake kuna picha kama 200. Sasa anataka kuzisoma kwenye tableti, maana huko tarakimu zinaonekana vizuri. Binti yake amekuja likizo kumsaidia.

1. TUANZE NA JAMBO ANALOLIJUA

Usianze na maneno ya kompyuta. Anza na M-Pesa, ambayo wazee wetu wameitumia tangu mwaka 2007. Mazungumzo yanaweza kwenda hivi:

Binti: "Mama, zile pesa zako za M-Pesa ziko ndani ya simu?"
Mama: "Si ziko humu? Naziona."
Binti: "Simu ikianguka kisimani leo, pesa zimepotea?"
Mama: "La. Nitarudishiwa laini, nazikuta."
Binti: "Basi hazikuwa ndani ya simu. Ziko kwenye akaunti, na simu inakuonyesha tu. Picha zako nazo tutaziwekea akaunti. Ukipiga picha, simu inapeleka nakala kwenye ghala la hiyo akaunti. Tableti nayo inafungua ghala lile lile, unaiona."

Hapo mzazi ameshika jambo la msingi: simu haitumi picha kwa tableti. Vyombo hivi viwili havisemezani kabisa. Kuna mahali pa tatu, ghala, na picha inafanya safari mbili. Safari ya kwanza ni kutoka simu kwenda ghalani. Safari ya pili ni kutoka ghalani kuja tableti. Mchoree mzazi nyumba tatu kwenye karatasi na mishale miwili, simu kushoto, ghala katikati, tableti kulia. Karatasi hiyo itunzwe, tutaihitaji tena.

Lakini mfano wa M-Pesa una mpaka wake, na ni lazima tuuseme, la sivyo mzazi atapotea. M-Pesa inafuata laini. Akaunti ya picha haifuati laini. Inafuata anwani ya barua pepe na neno la siri. Ndiyo maana tableti isiyo na laini hata moja inaweza kuonyesha picha za simu. Mama akiuliza, "Hii haina laini, itanijuaje?" mjibu, "Inakujua kwa anwani yako na neno lako la siri."

2. AKAUNTI IWE YA NANI?

Iwe ya mzazi mwenyewe. Baadhi ya watoto, kwa kutaka mambo yaishe haraka, wanaweka akaunti yao kwenye simu ya mzazi. Matokeo yake ni kwamba picha za daftari la kikundi zinaingia ghalani mwa mtoto, na picha za mtoto na marafiki zake zinamtokea mama kwenye tableti. Mtoto akisafisha ghala lake, michango ya akina mama inakwenda na takataka. "Akaunti moja" maana yake ni akaunti moja ya mtu mmoja katika vyombo vyake viwili. Si akaunti moja ya ukoo mzima.

Mara nyingi mzazi anayo akaunti tayari bila kujua, kwa sababu mwenye duka au mtoto alimfungulia siku simu iliponunuliwa. Kuiona, fungua Google Photos kwenye simu na uguse duara lililo juu upande wa kulia. Jina na anwani vitatokea. Andika anwani hiyo kwenye karatasi ile ile, herufi kwa herufi. Kama neno la siri halijulikani, fanya mpango wa kulibadilisha ukiwa na simu ya mzazi mkononi, si baada ya simu kupotea. Neno jipya liandikwe mahali salama anapopajua mzazi, mbali na simu na tableti.

3. SAFARI YA KWANZA: KUTOKA SIMU KWENDA GHALANI

Mwachie mzazi ashike simu mwenyewe. Wewe elekeza tu kwa mdomo.

(a) Afungue Google Photos, aguse duara la juu kulia, kisha "Photos settings", kisha "Backup".
(b) Awashe kitufe cha "Backup". Neno hilo hapa lina maana ya kuweka nakala ghalani.
(c) Kama kuna picha alizotumiwa kwa WhatsApp anazotaka kuzihifadhi, aguse "Back up device folders" na awashe folda ya WhatsApp. Bila kufanya hivyo zinazokwenda ni zile alizopiga kwa kamera peke yake. Usiwashe ovyo, maana video za mizaha nazo zitapanda na kula nafasi.

Sasa tuhesabu, maana hapa ndipo pesa zinapopotea. Picha moja ya simu ya kawaida yaweza kuwa na megabaiti 4 hivi. Picha 200 za Mama ni megabaiti 800, karibu gigabaiti nzima. Kuzipeleka kwa bando ni gharama, kwa hiyo mara ya kwanza nenda naye mahali penye waifai, kama nyumbani kwa mtoto au ofisi inayoruhusu. Chomeka chaja, simu iachwe itulie. Ukigusa tena lile duara utaona kazi inaendelea, na mwisho itaandika "Backup complete". Baada ya hapo mzigo ni mdogo: picha 5 kwa wiki ni megabaiti 20 tu.

Kwa kawaida programu hii inangoja waifai kabla ya kupeleka picha. Kama nyumbani kwa mzazi hakuna waifai, fungua "Mobile data usage" palepale ndani ya "Backup" na uchague kiwango cha kila siku. Kiwango cha megabaiti 30 kinatosha picha 7 hivi za ukubwa tuliotaja. Video ziache zingoje waifai, kwani dakika moja tu ya video yaweza kufika megabaiti 100 au kuzidi.

4. SAFARI YA PILI: KUTOKA GHALANI KUJA TABLETI

Kwenye tableti fungua "Settings", tafuta "Accounts" (katika vyombo vingine neno hili limeunganishwa na mengine, kama "Passwords & accounts"), kisha "Add account", kisha "Google". Andika anwani ile ile iliyo kwenye karatasi, na neno la siri.

Huenda simu ya mzazi ikalia wakati huo huo na kuuliza kama ni yeye anayejaribu kuingia. Msitishike. Ni kama mlinzi wa ghala anayeuliza, "Huyu anayebisha hodi unamjua?" Kwa kuwa ni ninyi mnaoingia, mzazi aguse jibu la ndiyo. Lakini mfundishe papo hapo: swali kama hilo likitokea siku nyingine naye ameketi zake bila kufungua chochote, ajibu hapana, kisha awaite watoto. Na mtu akimpigia simu kuomba namba iliyoingia kwa ujumbe, asimpe, hata akijitambulisha vizuri namna gani.

Ukimaliza, fungua Google Photos kwenye tableti. Gusa duara la juu kulia na usome anwani. Ilinganishe na ile ya simu. Zikifanana, subiri kidogo na picha zitaanza kujitokeza. Kuangalia tu hakuhitaji "Backup" iwashwe kwenye tableti. Inatosha tableti iwe imeingia katika akaunti na iwe na intaneti.

Hapa kuna kosa dogo linalosumbua nyumba nyingi. Katika tableti kuna programu nyingine inayoitwa "Gallery". Kwa kawaida hiyo inaonyesha picha zilizo ndani ya tableti yenyewe, si zile za ghalani. Mzazi akiifungua hiyo atakuta ni tupu na kusema picha zimepotea. Iweke Google Photos peke yake mbele ya kioo, mahali ambapo kidole chake kitaifikia kwanza.

5. JARIBIO LA PICHA MOJA

Maelezo peke yake hayatoshi, mzazi aone kwa macho. Mama na apige picha ya kikombe kilicho mezani. Mwambie angoje, asiguse kitu. Picha ikionekana kwenye tableti, mwonyeshe karatasi: "Imetoka hapa, imepita hapa, imefika hapa."

Halafu fanya jaribio la pili, ambalo linafundisha zaidi. Zima intaneti ya simu. Mama apige picha ya sahani. Simu inaionyesha, tableti haina. Mwulize, "Sahani iko wapi sasa?" Akijibu, "Iko ndani ya simu tu, haijafika ghalani," ameelewa somo. Washa intaneti tena aone sahani inavyokuja yenyewe. Kutoka leo ataelewa pia kwamba simu ikipotea kabla picha haijafika ghalani, picha hiyo imepotea nayo.

6. PICHA HAIKUFIKA: TUTAFUTE MAHALI ILIPOKATIKA

Rudi kwenye karatasi ya mishale miwili. Swali ni moja tu: imekwama safari ya kwanza au ya pili? Usianze na tableti, ingawa ndiyo inayolalamikiwa. Anza na simu. Ifungue ile picha katika Google Photos na uisukume juu kwa kidole. Maelezo yake yatatokea, na humo utaona kama imewekwa ghalani ("Backed up") au bado.

Kama bado, shida iko upande wa simu. Angalia intaneti, angalia kama "Backup" imezimwa, angalia kama simu inangoja waifai, au kama ghala limejaa. Kama imeshawekwa ghalani, simu haina kosa. Nenda kwenye tableti uangalie intaneti, programu iliyofunguliwa, na anwani iliyo ndani ya duara.

Tuone jinsi ilivyomfika Mama yetu wa Taita. Binti amekwisha kurudi kazini. Tableti haina laini, basi Mama anawasha hotspoti kwenye simu ili tableti ipate intaneti. Anapiga picha ukurasa wa mkutano wa Jumamosi. Picha 200 za zamani zinaonekana kwenye tableti bila shida, lakini ya Jumamosi haipo. Anampigia binti yake: "Intaneti ipo, za zamani naziona, mbona hii imekataa?"

Binti anamwambia aisukume ile picha juu kwenye simu. Haijawekwa ghalani. Basi ni safari ya kwanza. Lakini simu ina bando! Jibu ni hili: wakati wa hotspoti, tableti ndiyo inayotumia waifai. Simu yenyewe haiko kwenye waifai, bali inatumia bando na kuigawa. Kwa kuwa iliambiwa ingoje waifai, inangoja, na itaendelea kungoja hata wiki nzima huku ikiigawia tableti intaneti. Mama anafungua "Mobile data usage", anachagua megabaiti 30 kwa siku, na muda mfupi baadaye ukurasa wa Jumamosi unafika. Kasoro hii si ya chombo kibovu. Mtu asiyejua safari mbili angeweza kuipeleka tableti kwa fundi na kulipa bure.

7. KUFUTA: HAPA PANA HATARI

Tumesema picha iliyo ghalani ni moja, nasi tunaitazama kwa madirisha mawili. Basi Mama akiifuta ndani ya Google Photos kwenye tableti, inaondoka ghalani na kwenye simu pia. Wazee wengi wanafuta kwenye tableti "ili isijae", wakiamini kwamba ya simu imebaki. Haikubaki.

Likitokea, msikate tamaa mara moja. Picha iliyokuwa ghalani ikifutwa inakaa kwanza katika pipa la takataka kwa siku 60. Fungua sehemu ya "Collections" katika Google Photos, tafuta "Trash" (simu nyingine huandika "Bin"), ishikilie picha kwa kidole na uguse "Restore". Inarudi pande zote mbili. Siku 60 zikipita, hairudi tena. Picha ambayo haikuwahi kufika ghalani inakaa katika pipa siku 30 tu.

Kama ni simu iliyojaa, kuna njia yake. Gusa lile duara, kisha "Free up space". Hiyo inaondoa ndani ya simu zile nakala ambazo tayari ziko ghalani, na ghala haliguswi. Mama ataendelea kuziona, ila atahitaji intaneti kuzifungua.

Ghala nalo lina kipimo. Akaunti ya bure inapewa gigabaiti 15, na nafasi hiyo inagawanywa na barua pepe na faili nyingine za akaunti ile ile. Tangu tarehe 1 Juni 2021 picha zinazopandishwa zinahesabiwa humo. Kwa picha za megabaiti 4 ni kama picha 3,700, zinazomtosha mzee kwa muda mrefu kama hataki video nyingi. Likijaa, safari ya kwanza inasimama, ingawa za zamani bado zinaonekana. Na akaunti iliyoachwa miaka 2 bila kutumiwa yaweza kufutwa pamoja na vilivyomo. Mzazi akiwa mgonjwa kwa muda mrefu, mmoja wa nyumbani amsaidie kuifungua.

Mwisho, siku tableti itakapopewa mjukuu au kuuzwa, ondoeni kwanza akaunti kupitia "Settings", "Accounts", kisha "Remove account". Kuondoa akaunti kwenye chombo kimoja hakufuti picha zilizokwisha kufika ghalani. Kunafunga dirisha lile moja tu. Lakini kama hamkuliondoa, kila picha ya daftari atakayopiga Mama itaendelea kuonekana mikononi mwa mwenye tableti mpya.

MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

1. Picha za daftari na risiti za kikundi chetu ziko kwenye simu ya nani? Je, zimefika ghalani, au zimo ndani ya simu tu? Mwenye simu afungue picha moja mbele ya wanachama na kuisukuma juu ili tuone.
2. Akaunti inayotumika ni ya mweka hazina mwenyewe au ya mtoto wake? Akibadilishwa mweka hazina, picha zitakabidhiwaje?
3. Baba mmoja anasema tableti yake inaonyesha picha za mwezi uliopita lakini za wiki hii hazipo. Tungeanza kuangalia chombo gani, na tungetafuta maneno gani?
4. Kila mmoja aliye na mzazi mwenye simu na tableti afanye naye jaribio la kikombe na sahani kabla ya mkutano ujao, kisha atueleze mzazi alijibu nini alipoulizwa, "Sahani iko wapi sasa?"